Miaka minane nje ya ukurugenzi: kisa cha mkopo wa pauni 50,000 Leicester

Kisa hiki kimeundwa kwa kuunganisha mambo yanayojirudia katika mafaili ya kufungiwa wakurugenzi Uingereza, yaani kukatazwa kuongoza kampuni kwa miaka kadhaa. Mhusika si mtu mmoja halisi, ila kila hatua anayopitia ni ya kisheria na hutokea hivyo hivyo. Tumemweka Leicester kwa sababu mji huo una watu wengi wenye asili ya Afrika Mashariki, na tumempa biashara ya kusafisha maofisi kwa sababu inaanzishwa kwa mtaji mdogo na inakufa kwa sababu zinazofanana.

Kampuni ilisajiliwa Companies House, ofisi ya serikali inayotunza rejista ya kampuni, mwaka 2016, mkurugenzi mmoja, mwanahisa mmoja, yeye mwenyewe. Mwaka 2019 mauzo yake yote yalikuwa pauni 84,000. Corona ilipofunga maofisi, serikali ilianzisha mikopo ya Bounce Back tarehe 4 Mei 2020. Masharti yalikuwa mepesi mno: kampuni iliruhusiwa kukopa hadi asilimia 25 ya mauzo ya mwaka 2019, isizidi pauni 50,000, riba asilimia 2.5, mwaka wa kwanza bila malipo. Mwombaji alijaza mauzo yake mwenyewe kwenye fomu ya benki na kukiri kwamba ni ya kweli. Hakuna aliyemdai hesabu zilizokaguliwa, na benki haikuruhusiwa kumtaka dhamana binafsi.

Asilimia 25 ya pauni 84,000 ni pauni 21,000. Mhusika wetu aliandika mauzo ya pauni 200,000, akapata pauni 50,000 kamili. Fedha ziliingia tarehe 8 Juni 2020 kwenye akaunti iliyokuwa na pauni 1,140. Ndani ya siku tisa zilitoka pauni 18,000 kwenda akaunti yake binafsi, pauni 12,500 kwenda Mwanza kumalizia nyumba, na pauni 6,000 za gari lililosajiliwa kwa jina la mkewe. Zilizobaki, pauni 13,500, kweli zililipa mishahara na kodi ya stoo.

Kampuni ilijikokota hadi mwanzoni mwa 2022. Wakati wote huo iliwakata wafanyakazi kodi na michango yao kwenye mishahara lakini ilipeleka kiasi kidogo mno HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, mpaka deni likafika pauni 13,600. Tarehe 14 Oktoba 2022 iliingia kwenye ufilisi wa hiari, mfilisi akateuliwa.

Kilichomfikisha kwenye meza ya wachunguzi

Watu wengi hudhani kufilisika kwa kampuni ndiko kunakomfungia mkurugenzi. Sivyo. Kampuni nyingi hufa na wakurugenzi wake wakaendelea na nyingine bila tatizo. Ufilisi ni mlango tu: ukifunguka, mtu mwingine anaingia na kusoma vitabu. Sheria inayotumika, Company Directors Disqualification Act ya 1986, inamtaka mfilisi apeleke kwa Insolvency Service, idara ya serikali ya mambo ya ufilisi, taarifa ya mwenendo wa kila mkurugenzi aliyekuwepo katika miaka mitatu ya mwisho, na anapaswa kuipeleka ndani ya miezi mitatu tangu ufilisi uanze. Mfilisi hana hiari ya kumhurumia mtu. Hata akiwa ndiye uliyemtafuta na kumlipa mwenyewe, taarifa ataipeleka.

Kwa mtu wetu taarifa ilikwenda Januari 2023. Ilikuwa fupi, na mambo matatu ndani yake yalitosha: taarifa za benki, fomu ya mkopo, na hesabu za mwaka 2019 zilizokuwa zimekwisha kupelekwa Companies House na HMRC. Ukiziweka karatasi hizo pamoja, 84,000 na 200,000 hazihitaji mtaalamu kuzisoma. Aliye na nafasi ya kujitetea kuhusu namba ya mauzo ni yule aliyeanza biashara ndani ya 2019, kwa sababu masharti yalimruhusu kukadiria mauzo ya mwaka mzima. Kampuni ya tangu 2016 haina kichaka hicho cha kujifichia.

Kuna wengine waliodhani wamepata njia ya mkato: badala ya kumwita mfilisi, walijaza fomu DS01 ya kufuta kampuni kwenye rejista, mkopo ukiwa haujalipwa. Njia hiyo ilizibwa na sheria ya Desemba 2021 inayowapa wachunguzi uwezo wa kumfuatilia mkurugenzi wa kampuni iliyofutwa bila kupitia ufilisi, hata kwa mambo yaliyofanyika kabla ya sheria hiyo. Muda wa kupeleka shauri la aina hii mahakamani ni miaka mitatu tangu kampuni ifutwe. Kwa kampuni iliyofilisika, miaka mitatu inahesabiwa tangu ifilisike, kwa hiyo mtu wetu angeweza kufunguliwa shauri hadi Oktoba 2025.

Hoja walizomwandikia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kutia chumvi mauzo ili kupata pauni 29,000 zaidi ya kiwango alichostahili. Ya pili, kutumia pauni 36,500 kwa mambo yasiyo na faida yoyote kwa kampuni. Ya tatu, kutoilipa HMRC huku wengine wakilipwa, ndiyo inayofaa kuelezwa zaidi kidogo, kwa sababu ndiyo inayowanasa watu wasio wezi.

Kutolipa kodi peke yake hakumfanyi mtu kuwa mkurugenzi asiyefaa. Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo katika kesi ya Sevenoaks Stationers ya mwaka 1990. Linalotazamwa ni kama kulikuwa na mpango wa kuwalipa wanaopiga kelele na kumwacha asiyepiga. Wachunguzi hupima jambo hili kwa njia rahisi: wanachukua taarifa za benki za miezi kumi na nane ya mwisho, wanajumlisha malipo yaliyokwenda kwa wauzaji, mwenye stoo na mkurugenzi mwenyewe, kisha wanajumlisha yaliyokwenda HMRC. Kwa mtu wetu upande wa kwanza ulikuwa zaidi ya pauni 70,000, wa pili pauni 900. Muuzaji wa sabuni alikuwa akilipwa kila mwezi kwa sababu angesitisha mzigo. HMRC ikageuzwa kuwa benki ya kampuni bila kuombwa ridhaa. Mkurugenzi ambaye kampuni yake imebanwa lakini amegawa kilichopo kwa uwiano, au aliyefanya makubaliano ya kulipa kidogo kidogo na kuyatimiza kwa muda, ana jibu. Huyu hakuwa nalo.

Zipo sababu nyingine nyingi za kufungiwa. Aliyehukumiwa kwa kosa la jinai linalohusu kuendesha kampuni anaweza kufungiwa na mahakama hiyo hiyo. Anayeshindwa mara kwa mara kupeleka hesabu na taarifa za mwaka anaweza kufungiwa hadi miaka mitano, na makosa matatu ndani ya miaka mitano yanahesabiwa kuwa ushahidi kamili. Kutomkabidhi mfilisi vitabu vya hesabu ni kosa linaloonekana dogo lakini linauma sana, kwani fedha ambazo matumizi yake hayajulikani huandikwa dhidi yako kwa jumla yake. Na muflisi binafsi ambaye hajaachiliwa hawezi kuwa mkurugenzi bila ruhusa ya mahakama, hata kama hakuna amri nyingine yoyote iliyotolewa juu yake.

Barua, na uamuzi wa kusaini au kubisha

Agosti 2023 alipata maswali kutoka Insolvency Service. Hakujibu. Juni 2024 ikaja barua ya pili, nzito zaidi: tunakusudia kwenda mahakamani, haya ndiyo madai, huu ndio ushahidi, na kama utakubali kutoa ahadi ya kisheria ya kutokuwa mkurugenzi kwa miaka tisa, hatutakwenda. Sheria inataka taarifa ya siku zisizopungua kumi kabla ya shauri kufunguliwa, lakini kwa kawaida muda wa kujibu huwa mrefu kuliko huo.

Urefu wa muda wa kufungiwa haukisiwi hewani. Kwa mkurugenzi wa kampuni iliyofilisika, kiwango cha chini ni miaka 2 na cha juu 15, na ile kesi ya Sevenoaks iliugawa muda huo katika mafungu matatu ambayo bado yanatumika: 2 hadi 5 kwa makosa mepesi, 6 hadi 10 kwa mazito, zaidi ya 10 hadi 15 kwa mabaya kupita kiasi, hasa kwa aliyekwisha kufungiwa kabla. Mkopo uliochukuliwa kwa namba za uongo na kutumika nyumbani huangukia fungu la kati, au juu yake pale kiasi kinapokuwa kikubwa au mikopo ikawa miwili.

Ahadi ya kisheria ina nguvu sawa na amri ya mahakama. Ukiisaini kabla shauri halijafunguliwa, kwa kawaida hulipi gharama za upande wa pili. Ukisubiri shauri lifunguliwe kisha usaini, utazilipa. Ndiyo maana kubisha kwa ajili ya kuvuta muda ni hasara tupu kwa mtu ambaye ushahidi wake uko kwenye taarifa za benki. Lakini kusaini haraka bila kusoma nako kuna hasara yake, maana ahadi huambatana na maelezo ya makosa ambayo huwezi kuyakana baadaye. Kila neno humo litasomwa na hakimu siku utakapoomba ruhusa ya kuendesha kampuni, na litasomwa na bodi ya taaluma yako kama unayo. Hapo ndipo fedha ya wakili inapofanya kazi: kupunguza miaka, ndiyo, lakini zaidi kurekebisha sentensi. Tofauti kati ya "alijua kuwa mauzo si ya kweli" na "alipaswa kujua kuwa mauzo si ya kweli" ni kubwa kuliko tofauti ya mwaka mmoja.

Wakili wa mtu wetu alionyesha kuwa pauni 13,500 zilitumika kihalali na kwamba mteja wake alikuwa ameanza kurudisha pauni 300 kwa mwezi. Wakakubaliana miaka minane. Ahadi ilipokewa tarehe 2 Septemba 2024 na ikaanza kufanya kazi siku 21 baadaye, tarehe 23 Septemba. Hizo siku 21 ni za kujiondoa kwenye kila kampuni uliyomo, au kukimbilia mahakamani kuomba ruhusa ya muda.

Kufungiwa hakufuti deni. Benki ilidhaminiwa na serikali, ila mfilisi bado anaweza kumdai mkurugenzi fedha alizozichota. Tena, kwa mambo yaliyotokea tangu Oktoba 2015, Waziri wa Biashara anaweza kuomba amri ya fidia dhidi ya mtu aliyefungiwa, kwa sharti aombe ndani ya miaka miwili tangu kufungiwa. Mtu wetu alisaini ahadi ya kufungiwa akadhani yamekwisha. Miezi saba baadaye yakaja madai ya fidia, ya pauni 36,500 ukitoa alizokwisha kulipa. Ukiwa mezani kujadili miaka, jadili na fidia hapo hapo.

Anachoweza kufanya na asichoweza

Katazo lenyewe ni pana kuliko cheo. Halisemi tu usiwe mkurugenzi. Linakataza kushiriki, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma, katika kuanzisha, kuunda au kuendesha kampuni bila ruhusa ya mahakama. Linagusa pia ubia wenye dhima ndogo, yaani LLP. Na linafika kwenye kampuni iliyosajiliwa nje, iwapo ni kampuni ambayo mahakama za Uingereza zingeweza kuifilisi kwa sababu ina uhusiano wa kutosha na nchi hiyo. Kampuni iliyosajiliwa Dar es Salaam, yenye wateja na akaunti Leicester, inayoongozwa kutoka sebuleni Leicester, haimfichi mtu. Kampuni ambayo kazi zake zote ziko Tanzania ni jambo jingine, na hapo sheria ya kwao ndiyo ya kuangalia.

Sasa linakuja kosa linaloharibu watu kuliko lile la kwanza. Mtu huyu ana mpwa wa miaka 26, dereva, asiyejua hesabu. "We saini tu, kazi nitaifanya mimi," mjomba anamwambia. "Sawa mjomba." Kampuni mpya inasajiliwa kwa jina la mpwa, na mjomba anaandikwa kama msimamizi wa kazi.

Jina kwenye rejista halimwokoi yeyote. Wachunguzi wakija hawamuulizi mpwa yeye ni nani. Wanaangalia nani anaingia kwenye akaunti ya benki na kwa simu ipi, nani anapanga bei ya kusafisha jengo, nani anaajiri na kufukuza, nani anayepigiwa na mteja mambo yakiharibika, nani anajibu barua za HMRC. Ujumbe wa WhatsApp wenye "usilipe huyo bado, subiri niseme" unatosha kuonyesha nani ni bosi.

Matokeo ni ya aina mbili. Kwanza ni jinai: kifungo hadi miaka miwili, na juu yake kufungiwa tena, safari hii ukiwa na rekodi. Pili, na hili halihitaji kwanza kushtakiwa, mjomba anawajibika binafsi kwa madeni yote ambayo kampuni mpya iliyapata wakati akiiendesha. Muuzaji anayedai pauni 4,000 anaweza kumfungulia madai yeye mwenyewe, kana kwamba hakuna kampuni. Na mpwa? Sheria inamgusa pia: aliyemo kwenye uongozi wa kampuni na anayefuata maagizo ya mtu aliyefungiwa asiye na ruhusa, huku akijua kuwa mtu huyo amefungiwa, naye anawajibika kwa madeni hayo hayo kwa mali yake. Kijana aliyesaini kwa heshima anaweza kupoteza akiba yake yote kwa deni la sabuni. Mbinu hii imezidi kuwa ngumu tangu tarehe 18 Novemba 2025, kwani kila mkurugenzi mpya sasa lazima athibitishe utambulisho wake Companies House, ingawa hilo linathibitisha sura ya mpwa tu, si mkono unaomwongoza.

Kinachoruhusiwa ni zaidi ya watu wanavyodhani. Anaweza kufanya biashara kwa jina lake mwenyewe, kama mfanyabiashara binafsi, bila kampuni. Anaweza kuwa mbia katika ubia wa kawaida. Anaweza kuwa na hisa, mradi asizitumie kuendesha. Anaweza kuajiriwa na kampuni, mradi kazi yake isiwe ya kuamua mambo ya kampuni. Katika kazi ya usafi hii si adhabu ndogo, kwani wateja wakubwa hupendelea kampuni, na mfanyabiashara binafsi hana ukuta wowote kati ya deni la biashara na nyumba yake. Ila majengo madogo, maduka na nyumba za watu yanatosha kumpa mtu riziki.

Kuna mtego mmoja hapo ambao hata baadhi ya wahasibu huusahau. Aliyekuwa mkurugenzi ndani ya miezi kumi na miwili kabla ya ufilisi hawezi, kwa miaka mitano tangu ufilisi uanze, kutumia jina la kampuni iliyokufa au linalofanana nalo mpaka kuashiria uhusiano. Hili ni katazo jingine kabisa, linatoka kwenye Insolvency Act ya 1986, kifungu cha 216, na linamhusu hata asiyefungiwa. Tena halihusu kampuni pekee: kuendelea na jina lile lile kwenye gari lako kama mfanyabiashara binafsi nako ni kosa. Mtu wetu alihitaji kubandua stika za zamani hadi Oktoba 2027.

Mbali na biashara, mtu aliyefungiwa hawezi kuwa mdhamini wa taasisi ya hisani. Jambo hili huwagusa wazee wa jamii bila kutarajia, kwani msikiti, kanisa au chama cha watu wa nyumbani mara nyingi kimesajiliwa hivyo, na mweka hazina wake analazimika kuachia nafasi.

Kuomba ruhusa ya mahakama

Njia ya halali ya kurudi kabla ya muda ni kifungu cha 17 cha Company Directors Disqualification Act. Ruhusa haitolewi kwa mtu kuendesha kampuni kwa ujumla; hutolewa kwa kampuni moja iliyotajwa kwa jina, na kwa kawaida kwa masharti. Waziri lazima awakilishwe mahakamani na aeleze yote yanayoonekana kuwa muhimu, kwa hiyo usitegemee ombi lipite kimya. Hakimu anapima mambo mawili: je, kuna haja ya kweli ya mtu huyu kuwa kwenye uongozi, na je, umma utalindwa? Haja ya mwombaji kupata kipato haina uzito mkubwa. Haja ya kampuni inayofanya kazi, yenye wafanyakazi wanaotegemea ujuzi wake, ina uzito zaidi.

Maombi mengi dhaifu huanguka kwa sababu kampuni haipo bado, ni wazo tu, au kwa sababu hesabu zake hazijakamilika. Mtu wetu angeomba mwaka 2024 angekataliwa. Tuseme anaomba mwaka 2029: amefanya kazi kwa jina lake miaka mitano, kodi zote zimelipwa kwa tarehe, fidia imebaki pauni 5,000, na kampuni ya usafi yenye wafanyakazi kumi na wawili inamtaka awe mkurugenzi wa shughuli. Ombi linaambatana na hati ya kiapo yake, hati ya mhasibu aliyesajiliwa atakayekaa kwenye bodi pamoja naye, hesabu za miaka miwili, na taarifa ya HMRC kuonyesha hakuna deni.

Masharti ya kawaida kwa kisa hiki yangekuwa haya: mhasibu huyo abaki kwenye bodi muda wote, malipo yoyote ya benki yahitaji saini ya pili isiyo yake wala ya ndugu yake, hesabu za kila mwezi ziandaliwe ndani ya wiki chache na kujadiliwa, kodi zilipwe kwa tarehe yake, asikope wala asikopeshwe na kampuni. Mhasibu akijiuzulu Ijumaa, ruhusa imekoma Ijumaa hiyo. Ukiendelea kusaini Jumatatu, wewe ni mtu aliyefungiwa anayeendesha kampuni, na ile dhima binafsi ya madeni inarudi yote. Gharama za ombi kama hili, na wakili, ni maelfu ya pauni, hivyo lina maana tu pale kampuni inayomhitaji inapokuwa tayari kuzibeba.

Ipo pia njia ya kuomba mahakama ipunguze muda wa ahadi yenyewe. Ni nyembamba: kujuta, au kugundua kuwa uliyosaini yanakubana kuliko ulivyodhani, hakutoshi.

Asipoomba chochote, ahadi inaisha yenyewe mwishoni mwa siku ya tarehe 22 Septemba 2032, bila fomu wala kibali, na jina linaondolewa kwenye rejista ya waliofungiwa. Rejista ndiyo inayosahau. Fomu za benki, za bima na za zabuni mara nyingi huuliza kama umewahi kufungiwa, si kama umefungiwa sasa, na jibu la uongo kwenye fomu kama hiyo ni kosa jipya la jamii ile ile iliyomleta hapa.